Inasimama vizuri, kisha inalala: mishipa inavuja kweli, ao kipimo ndicho kilikosea?

Leo naandika juu ya jambo ambalo sisi wanaume tunalisema kwa kicheko tu, ao hatulisemi kabisa. Mimi mwenyewe nililibeba miezi 14. Nilipewa karatasi ya hospitali iliyosema kama mishipa yangu inavuja, nikaombwa dola 1.800 za operasiyo, na nilikuwa nimekwisha kuuza moto yangu ili nizipate. Mwisho ilionekana kama karatasi ile ilikosea. Lakini kuna wanaume wengine ambao kwao karatasi ya namna ile inasema kweli. Ndiyo maana nataka kueleza kitu hicho ni nini, namna waganga wa kazi hiyo wanakipima, na mahali ambapo kipimo kinaweza kudanganya.

Mimi si muganga. Nilisoma ujenzi, tena upande wa maji: mabomba, pompe, presha. Ajabu ni kwamba masomo hayo ndiyo yalinisaidia kuelewa. Maelezo haya niliyapata kwa muganga aliyenipima mara ya pili, na mwenzetu mmoja wa promosheni yetu ambaye ni dokta alisoma kila neno mbele sijawaletea.

Shida yenyewe ilikuwa hivi

Nilikuwa na miaka 28, mahari imekwisha kuzungumzwa, ndoa inakaribia. Uume ulikuwa unasimama bila shida, tena mgumu. Kisha, wakati wa kuingia ao dakika 2 kisha kuingia, unaanza kulegea polepole kama tairi yenye musumari. Nikijikaza, ndipo unalala haraka zaidi. Fiyanse wangu alikuwa ananyamaza. Siku moja akaniuliza, «Sheri, ni mimi sikupendezi tena?» Ulizo hilo liliniuma kuliko shida yenyewe.

Nilienda ku klinike moja katika muji wetu. Nitaiacha bila jina. Walinipiga shindano ndani ya uume, wakaniweka mashini ya ekografi, kisha dakika chache wakaandika: kuvuja kwa vena. Waliponieleza, walisema kama «damu inaingia lakini inatoboka.» Mimi niliwaza kwamba kuna tundu mahali fulani. Hakuna tundu. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa.

Mlango unaofungwa na tanki lenyewe

Ndani ya uume kuna mirija miwili iliyolala sambamba, imejaa kitu kama sifongo. Sifongo hiyo imetengenezwa na nyama laini ambayo hatuiamuru kwa akili, sawa vile hatuamuru tumbo kusaga chakula. Mirija hiyo miwili imefunikwa na ganda gumu lisilovutika sana. Damu inaingia kwa ateri, mishipa inayotoka upande wa moyo. Inatoka kwa vena, mishipa inayorudisha damu. Vena hizo ndogo zinapita kati ya sifongo na ganda, kisha zinatoboa ganda kwa kupinda ndipo zinatoka inje.

Wakati uume umelala, nyama ya sifongo imejikaza. Damu kidogo inaingia, kidogo inatoka. Mtu akipata hamu, neva zinatuma habari, nyama ile inalegea, na ateri zinafunguka. Sifongo inajaa damu, inavimba, na inasukuma vena zile ndogo juu ya ganda gumu. Vena zinabanwa kati ya sifongo na ganda, sawa bomba la plastiki lililokanyagwa na mguu. Basi mlango wa kutoka unafungwa, na presha ndani inapanda mpaka karibu na ile presha kubwa ya damu ya mkono, kama 100 za zebaki ao karibu na hapo. Ndio ugumu huo.

Mtu aliyesoma maji ataona mara moja jambo la ajabu hapa. Tanki hili halina vana ya kufunga mlango. Tanki lenyewe, likivimba vya kutosha, ndilo linafunga mlango wake. Ni kusema kama halivimbi kabisa, mlango unabaki wazi kidogo, na damu inayoingia inatoka tena. Uume utasimama, kwa sababu ateri zinafanya kazi, lakini hautakaa.

Hivyo, wakisema «vena inavuja», karibu kila mara vena yenyewe haina kosa. Kosa liko ku kile kitu kilichopaswa kuibana. Hapo kuna sababu za namna tatu.

Ya kwanza, sifongo imeharibika: nyama laini imepungua na mahali pake pamekuja nyuzi ngumu zisizovimba. Sukari ya muda mrefu inafanya hivyo, pia sigara, presha ya damu, mafuta katika mishipa, na uzee. Ya pili, ganda limeumizwa: mtu aliyevunjika uume wakati wa tendo, ao aliye na kovu gumu linalopindisha uume. Kuna pia vijana wachache ambao tangu kubalehe vena zao zinapita njia isiyo ya kawaida, kwa hiyo hawajawahi hata siku moja kusimama vizuri mpaka mwisho.

Sababu ya tatu ndiyo inayochanganya kila kitu: sifongo ni nzima, ganda ni zima, vena ni nzima, lakini nyama ile imekataa kulegea kabisa kwa sababu mwenyewe anaogopa. Ukiogopa, mwili unatoa adrenalini na ndugu zake. Kazi yao moja ni kukaza nyama laini ya mishipa, na hiyo ya sifongo iko ndani. Sifongo inavimba nusu, vena hazibanwi, damu inatoka. Ku mashini, mtu huyu na mtu wa sukari wanaweza kuonyesha namba zilezile.

Maulizo ambayo klinike ya kwanza haikuniuliza

Mwenzetu dokta ndiye alinizuia kulipa zile dola. Alinipigia simu usiku. «Mukubwa, ngoja kwanza. Walikuuliza kama asubui inasimamaka?» Nikamwambia hapana, hawakuuliza. «Na wewe, asubui inasimamaka?»

Niliwaza. Ndiyo, mara nyingi asubuhi nilikuwa naamka imesimama, tena ngumu, na ilikuwa inakaa mpaka nafika chooni. Akauliza tena, «Ukiwa peke yako, je?» Peke yangu ilikuwa inakaa muda mrefu zaidi kuliko na fiyanse. «Na ilianza lini?» Ilianza kisha usiku mmoja ambapo nilikuwa nimechoka, nimekunywa, na haikufanya kazi. Tangu siku hiyo, kila mara nilikuwa naichunguza.

Akaniambia, «Mlango wenye kuharibika haujui kama ni asubui ao mangaribi. Kama inavuja kweli kwa sababu ya nyama ao ganda, itavuja asubui, itavuja uko peke yako, itavuja na kila mutu.» Aliongeza kama hiyo haitoshi kuhakikisha, ni ishara tu. Lakini ishara hiyo ilitosha kuuliza kipimo kirudiliwe na mtu anayekijua kabla ya kisu.

Alinipa pia karatasi yenye maulizo 5, kila jibu lina alama. Jumla inaenda kutoka 5 mpaka 25, na kutoka 22 kupanda ni kawaida. Mimi nilipata 13. Karatasi hiyo haisemi sababu, inapima tu ukubwa wa shida ili baadaye mtu ajue kama dawa inasaidia. Kisha nilifanya damu: sukari, mafuta, na homoni ya kiume. Hiyo homoni inachukuliwa asubuhi, kwa sababu mangaribi inashuka na namba inaweza kumtisha mtu bure. Zote zilikuwa sawa. Hapa usicheke: kwa mtu mwenye miaka 45 na tumbo, vipimo hivi vya bei ndogo vinaweza kuokoa maisha. Ateri za uume ni nyembamba kuliko zile za moyo, basi zikianza kuziba, shida inaonekana huku chini miaka mingine mbele ya kuonekana kifuani.

Kigali: kipimo kilekile, namna ingine

Nilivuka mpaka, nikafika Kigali kwa muganga wa njia ya mkojo. Muzee mmoja mpole, anasema Kiswahili na Kifaransa. Alisoma karatasi yangu ya kwanza, akaniuliza ulizo ambalo sikulitazamia.

«Kijana yangu, uko SS?»

Kwetu Kongo tunajua SS, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, ule unaoleta maumivu ya mifupa. Nilimwambia hapana. Akasema kama mtu wa SS hapigwi shindano hii hivihivi tu, kwa sababu damu yake inaweza kukwama ndani ya uume na uume ukakataa kulala. Ku klinike ya kwanza hakuna aliyeniuliza. Ndugu msomaji, kama wewe ni SS, ao una kaka na dada wa SS na hujapimwa, sema mbele hawajafungua dawa.

Kisha akanieleza shindano lenyewe. Dawa inaitwa alprostadili. Inalazimisha nyama laini kulegea bila kungoja akili wala hamu. Njia hii ya shindano ilianza mwaka 1982, wakati Ronald Virag, muganga wa upasuaji wa Paris, alipoandika kwamba dawa ingine, papaverini, ikipigwa moja kwa moja ndani ya uume inausimamisha. Wazo la kipimo ni rahisi: kama tukilegeza nyama kwa nguvu ya dawa na mlango bado haufungi, basi shida iko ku mlango ao ku nyama, si ku kichwa.

Lakini wazo hilo linakuwa kweli kwa sharti moja tu: nyama iwe imelegea kabisa. Dawa na adrenalini zinavutana kamba. Mtu amelala uchi, baridi inapiga, ameona shindano, mlango unafunguliwa, mwanafunzi wa staje anaingia kutafuta dosiye. Adrenalini inashinda. Kisha muganga anapima, anaona damu inatoka, anaandika «inavuja.» Ndivyo ilivyonipata.

Namba mbili za kusoma ku ekografi

Hii sehemu nawaomba msome polepole, maana ndiyo inaweza kukulinda. Ile ekografi inaitwa dopla. Haionyeshi picha tu, inapima mwendo wa damu ndani ya ateri ya uume. Kwa kila pigo la moyo muganga anachukua namba mbili.

Namba ya kwanza ni mwendo wa juu, wakati moyo unasukuma. Inasema kama damu inaingia vizuri. Ikifika sentimita 35 kwa sekunde ao zaidi, ateri ni nzuri. Chini ya 25, ateri ndiyo mbovu. Katikati ni fasi ya mashaka.

Namba ya pili ni mwendo wa chini, wakati moyo unapumzika kati ya mapigo mawili. Hii ndiyo inasema habari ya mlango, na namna yake ni hii. Kama tanki limejaa na presha ndani iko juu, kati ya mapigo mawili damu haiwezi tena kuingia. Itaingia wapi? Basi mwendo unashuka mpaka 0, na uume ukiwa mgumu kabisa damu inarudi nyuma kidogo, namba inaandikwa na alama ya kutoa. Lakini kama mlango uko wazi, damu inaendelea kupita hata moyo ukipumzika, kwa kuwa kuna mahali inaenda. Kama mwendo wa juu ni mzuri na mwendo wa chini unabaki juu ya sentimita 5 kwa sekunde, waganga wanaanza kufikiri juu ya kuvuja.

Wengine wanafanya hesabu moja: mwendo wa juu kutoa mwendo wa chini, jibu unaligawa kwa mwendo wa juu. Mlango uliofungwa vizuri unaleta jibu kupita 0,9. Chini ya 0,75 inaonyesha kuvuja.

Sasa sikia neno ambalo klinike ya kwanza ililisahau: *unabaki*. Dakika za kwanza kisha shindano, kwa kila mwanaume mzima, mwendo wa chini uko juu, kwa sababu tanki bado linajaa. Ni baadaye tu ndipo unashuka. Mtu akipima mara moja, mapema, atamwona kila mtu anavuja.

Hesabu yangu mwenyewe

Karatasi ya kwanza ilisema: dakika ya 7, mwendo wa juu 38, mwendo wa chini 9. Ukifanya hesabu, 38 kutoa 9 ni 29, na 29 kugawa kwa 38 ni 0,76. Kipimo kimoja tu, shindano moja, na hakuna mahali walipoandika kama uume ulikuwa mgumu ao nusu. Mimi nakumbuka: ulikuwa nusu.

Huko Kigali, chumba kilifungwa kwa ufunguo. Muzee alipiga mikrogramu 10, kwa upande, ku mzizi, na shindano nyembamba sawa ile ya watu wa sukari. Iliuma kidogo kuliko kuchukua damu. Dakika ya 5: 36 na 11. Dakika ya 10: 40 na 8, jibu 0,80. Uume nusu tena.

Moyo ulinishuka. Nikasema, «Dokta, unaona? Inavuja.»

Akajibu, «Sijaona kitu bado. Haijasimama, nitapima nini? Mlango wa nyumba hauwezi kujua kama unafunga muzuri kama haujausukuma mpaka mwisho.»

Akaniuliza, «Asubui kwako inakuwa ngumu kuliko hii?» Nikasema ndiyo, mbali sana. «Basi hii si yako ya kweli.» Alipiga dozi ya pili, akatoka, akafunga mlango, akaniacha dakika 10 peke yangu na simu yangu. Aliporudi, alinikuta tofauti. Dakika ya 25: 41 na 1. Hesabu: 40 kugawa kwa 41, ni 0,98. Dakika ya 30 mwendo wa chini ulikuwa na alama ya kutoa. Mlango ulikuwa umefungwa kabisa. Mwanaume yuleyule, mashini ya namna ileile, dakika 20 katikati.

Jambo hilo lina upande mmoja tu wa uhakika. Mlango ukifunga hata mara moja, tunajua unaweza kufunga. Lakini usipofunga, hatujui bado kama hauwezi ao haukutaka siku hiyo. Ndiyo maana karatasi ya «inavuja» bila dozi ya pili na bila kuandika ugumu, ni karatasi ya kuuliza maulizo juu yake.

Hawakuniacha niende mara moja. Nilikaa pale mpaka uume ulipolala, masaa 2 na zaidi. Muzee aliniambia kwa sauti ya baba: «Ukisimama masaa 4 bila kulala, usiku ao mchana, unarudia hapa. Usiseme ni haya. Damu isiyotembea inaoza nyama.» Wakati huo wanavuta damu kwa shindano na kuweka dawa inayokaza mishipa. Mtu akichelewa, sifongo inakufa, na hapo ndipo shida ya kweli ya kudumu inaanza.

Kama namba ingebaki 8

Nilimuuliza muzee: na kama dozi ya pili, pengine hata ya tatu, zingetoa nambari ileile na uume nusu? Alisema kama angeamini kwamba kuna kuvuja, lakini bado angetafuta sababu: sukari, jeraha la zamani, kovu ku ganda.

Kwa kijana ambaye hajawahi kusimama vizuri tangu kubalehe, ao aliyeumia, kuna kipimo kikubwa zaidi. Wanaweka shindano mbili ndani ya mirija, moja ya kuingiza maji ya chumvi kwa pompe, ingine ya kupima presha. Kisha dawa ya kulegeza, wanapandisha presha mpaka 90 hivi na kuangalia pompe inahitaji maji mangapi kwa dakika ili presha isishuke. Mlango ukiwa mzima, mililita 3 mpaka 5 kwa dakika zinatosha. Kisha wanapandisha mpaka 150 na kuzima pompe: ikishuka chini ya 45 ndani ya sekunde 30, ni vizuri. Ikianguka zaidi, inavuja. Mwisho wanaweka rangi inayoonekana ku radio ili waone damu inatokea upande gani. Mimi niliposikia hivyo nilicheka, maana ndivyo tunavyojaribu bomba jipya: unapandisha presha, unafunga, unaangalia saa. Lakini kipimo hiki kinauma, hakipatikani kila fasi, na hata chenyewe adrenalini inaweza kukiharibu. Hakifanywi kama hakuna mpango wa kupasua.

Kuna pia kifaa cha usiku: pete mbili zinazovaliwa wakati wa kulala na kuandika ugumu. Ukilala, hofu inalala pia. Kama usiku inasimama, ugumu wa 60 kwa 100 ku kichwa cha uume, kwa dakika 10 ao zaidi, mwili wenyewe umekwisha kujibu.

Na operasiyo ya kufunga vena, ile ya dola 1.800? Ilifanywa sana miaka ya 1980 na 1990. Wengi walipata nafuu mwanzoni, kisha shida ikarudi. Utaelewa kwa nini: vena ile ilikuwa haina kosa. Ukiifunga na sifongo bado haivimbi, damu inatafuta vena ingine. Shirika la waganga wa njia ya mkojo la Amerika, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, halishauri operasiyo hiyo. Wengine wanaifikiria tu kwa kijana mmoja mmoja aliyechaguliwa sana, kisha vipimo vyote.

Kinachosaidia mtu anayevuja kweli ni kingine. Vidonge vya sildenafili ao tadalafili vinasaidia wengi, kwa kuwa vinalegeza nyama zaidi; mwenye dawa za moyo za jamii ya nitrati hagusi hivyo kabisa, presha yake inaweza kuanguka na kumuua. Kuna pete ya mpira inayowekwa ku mzizi wa uume kisha kusimama, ambayo inafanya kazi ya mlango. Haipiti dakika 30. Kuna mazoezi ya nyama za chini, zile unazokaza kuzuia mkojo, kwa sababu nyama hizo zinafinya mzizi wa mirija na kupandisha presha. Uingereza walijaribu mazoezi hayo kwa wanaume 55, matokeo yakatoka mwaka 2005, na wengi wao walipata nafuu ya kweli kisha miezi kadhaa. Kuna shindano za nyumbani. Na yote yakishindwa, kuna kifaa cha kupandikiza ndani, ambacho hakihitaji mlango wowote. Zile poda na asali za barabarani, nyingine zinawekwa sildenafili kwa siri bila kipimo. Unakunywa dawa bila kujua ni ngapi.

Ilivyoishia kwangu

Muzee aliniandikia tadalafili miligramu 5 kila siku kwa miezi 3, mazoezi ya nyama za chini, na kitu kimoja ambacho hakikuuzwa farmasi. Alisema nirudi nimweleze fiyanse wangu kila kitu, na kwa muda wa posho mbili tukae pamoja bila kujaribu kuingia. «Unaichungaka sana. Kila dakika unaangalia kama imelala. Mwenye kuchunga mlango usiku muzima halali.»

Nilimwonyesha karatasi mbili, ile ya 0,76 na ile ya 0,98. Nilimchorea tanki na bomba ku kitabu cha hesabu. Aliangalia muda mrefu, kisha akasema, «Basi haikuwa mimi.» Nikasema hapana, haikuwa wewe. Akauliza, «Na haikuwa ugonjwa?» Nikamwambia ni hofu tu, lakini hofu yenyewe inafunga nyama kweli, si mchezo wa kuwaza.

Mwezi wa pili ilianza kukaa. Si kila mara. Mwezi wa tatu nilijaza tena ile karatasi ya maulizo 5, nikapata 22. Tuliacha vidonge polepole. Moto haikurudi, nilikuwa nimekwisha kuiuza, lakini pesa yake ililipa viti na chakula cha ndoa.

Kama kuna mtu hapa ameshika karatasi yenye neno «inavuja», aangalie vitu vinne mbele ya kulipa: walipima dakika gani na mara ngapi, waliandika ugumu ulikuwa namna gani, walitoa dozi ya pili, na ugumu ule ulifanana na ule wa asubuhi nyumbani? Kama majibu hayako ku karatasi, arudi akaulize. Hiyo ni haki ya mgonjwa, na muganga anayejua kazi yake hatakasirika.